Kijani cha mama kilivyofifia: kwa nini skrinshoti inabadilika rangi ukiifungua kwingine

Kuna mama mmoja mteja wangu, anauza vitenge na mashuka, alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti ndogo ya kupokea oda na akasema kabisa vitufe vyote viwe kijani kile kile cha bango lake la dukani, akanitumia na namba yake `#1EB53A`, ambayo ukiitafuta utakuta ndo namba watu wengi wanaitumia wakiandika kijani cha bendera ya Tanzania kwenye kompyuta. Nikamaliza. Akataka na karatasi ya maelekezo ya wateja, bonyeza hapa, kisha hapa, basi nikachukua aifoni yangu, nikapiga skrinshoti kama kumi na mbili hivi, nikazipitisha kwenye tovuti moja ya kupunguza ukubwa wa picha maana zilikuwa nzito, nikazipanga vizuri, nikamtumia.

Jioni simu inaita. "Kijana wangu, hiki kijani umekitia dawa ya madoa?"

Nikajitetea kidogo, nikamwambia mama labda kioo cha simu yako. Akanijibu kwamba kafungua tovuti na karatasi kwenye simu hiyo hiyo moja, kijani cha tovuti kimekolea, cha kwenye picha kimechuja kama kitenge kilichoanikwa juani wiki nzima. Hapo sikuwa na la kusema manake ushahidi wake ni mzuri, kioo kimoja, kijani mbili. Nikafungua picha kwenye kompyuta, nikachota rangi ya kitufe kwa kile kidude cha kuchotea rangi, nikapata `#56B24C`. Yaani kwa namba za kawaida: nilipaka 30, 181, 58 (nyekundu, kijani, bluu kwa mpangilio huo), na kwenye picha nakuta 86, 178, 76. Nyekundu imetoka 30 mpaka 86! Nani kaitia hapo?

Hakuna aliyeitia. Hizo namba mbili ni kijani kimoja, tena mpaka leo ukinipa nafasi nitakuthibitishia. Shida ni kwamba namba ya rangi peke yake haisemi rangi gani, kama ambavyo "saa mbili" peke yake haisemi ni saa ngapi.

Sisi hili tunalijua kuliko watu wengi duniani. Ukimwambia mtu tukutane saa mbili asubuhi, kwetu ni jua limeshatoka na chai imeshanyweka, lakini simu yako hapo hapo inaandika 8:00. Muda ni ule ule, namba ni mbili tofauti, kwa sababu kila namba inahesabiwa kuanzia pahala pake. Na ukimtumia mgeni ujumbe "saa 2" bila kumwambia ni saa ya Kiswahili, atatega alamu ya saa nane usiku. Hajakosea kusoma, wewe hujakosea kuandika, kilichokosekana ni yale maneno mawili matatu ya kusema unahesabu kwa saa ipi. Kwenye picha, hayo maneno ndo yanaitwa profaili ya rangi. Ni kidata kidogo kinachokaa ndani ya faili pamoja na picha, kinasema: namba hizi zisomeni kwa kipimo hiki.

Sasa vipimo vyenyewe. Kile cha zamani ambacho karibu kila kitu kwenye wavuti kinahesabiwa nacho kinaitwa sRGB, walikitoa HP na Microsoft mwaka 1996 na kikawa kiwango rasmi cha kimataifa mwaka 1999. Kilitengenezwa kufuata vioo vya kompyuta vya wakati ule, vile vya kisogo kirefu, kwa hiyo nyekundu kamili ya sRGB, ile 255, 0, 0, ni nyekundu ambayo kioo cha aina ile kingeweza kuitoa, basi. Baadaye vioo vikawa vizuri zaidi. Apple walianza kuweka vioo vya rangi pana kwenye aimaki za mwisho wa 2015, halafu 2016 ikaja aifoni 7 na makibuku pro za mwaka huo, na kipimo walichokitumia kinaitwa Display P3. Hiki nyekundu yake kamili ni nyekundu zaidi na kijani chake ni kijani zaidi, kwa ujumla Apple wenyewe wanasema kinabeba rangi kama robo zaidi ya sRGB.

Hapo ndo watu wengi wanapotelea, wanadhani kioo cha rangi pana kinazipa picha zote rangi kali. Hapana, na haitakiwi. Tovuti ya mama imeandikwa 30, 181, 58 kwa sRGB, na simu inajua hivyo, kwa hiyo kazi ya simu ni kutoa kijani KILE cha sRGB, siyo kijani chake kikali. Itafanyaje wakati taa zake za kijani ni kali kupita kiasi? Ni kama mpishi aliyezoea pilipili za kawaida halafu leo kaletewa pilipili kichaa, chakula kinatakiwa kiwe na ukali ule ule wa jana, basi anaweka chache. Simu nayo inapunguza kijani kidogo, 181 inashuka 178, na kwa kuwa taa yake ya kijani ni safi mno inabidi aizimue kwa kuongeza nyekundu, 30 inapanda 86, na bluu kidogo, 58 inakuwa 76. Ukiangalia kwa macho ni kijani cha mama kile kile. Ila namba inayokwenda kwenye kioo ni 86, 178, 76.

Ukiipeleka nyekundu kamili ya sRGB, 255, 0, 0, kwenye Display P3 inakuwa 234, 51, 35. Kijani kamili, 0, 255, 0, kinakuwa 117, 251, 76. Bluu kamili inakuwa 0, 0, 245, hii haibadiliki sana. Hizo tatu zikariri tu, hasa 234, 51, 35, manake ukiikuta kwenye picha mahali ulipotegemea nyekundu safi, hata huhitaji kuuliza, hiyo ni skrinshoti ya kioo cha P3 iliyopoteza profaili yake.

Skrinshoti ya aifoni, basi, inaandikwa kwa namba za P3. Simu siyo mjinga, hapo hapo inabandika na profaili ndani ya faili: "Display P3". Programu yoyote yenye adabu ikiifungua inasoma profaili, inajua kwamba hii 86, 178, 76 ni ya kipimo gani, inageuza kuendana na kioo chake, na unaona kijani sahihi. Mpaka hapo kila mtu kafanya kazi yake. Ile tovuti yangu ya kupunguza ukubwa ndo ilichana lebo. Kwake yeye chochote ndani ya faili kisicho pikseli ni uzito wa bure, kaondoa tarehe, kaondoa aina ya simu, kaondoa na profaili, na namba hakuzigusa hata moja. Na picha isiyo na profaili karibu kila mtu anaichukulia kuwa ni sRGB, kama mgeni anavyochukulia kila saa kuwa ni yake. Kijani cha 86, 178, 76 kwa kipimo cha sRGB ni kijani kilichochuja kweli. Mama alikuwa sahihi.

Kwenye kompyuta ya Maki kuna amri moja ya kuangalia lebo, naipenda kwa sababu haibishani:

```
sips -g profile skrini.png
```

Faili langu lililotoka kwenye simu moja kwa moja likajibu `profile: Display P3`. Lile lililopita kwenye tovuti ya kupunguza likajibu `profile: <nil>`, maana yake hamna kitu. Hapo nikawa nimeshamaliza upelelezi. Kama hupendi kuandika amri, fungua picha kwenye Preview, nenda Tools kisha Show Inspector, kuna mstari wa ColorSync profile, kama mstari haupo basi na profaili haipo. Kwenye Windows au Linuksi tumia exiftool:

```
exiftool -ICC_Profile:ProfileDescription skrini.png
```

Ikinyamaza bila kuandika kitu, ujue hakuna.

Sasa kuna alama moja ya macho tu ambayo mimi naiamini kuliko nyingi, inafaa hasa ukiwa umetumiwa picha na huna faili la asili. Angalia kijivu. sRGB na Display P3 zina nyeupe moja na zinapanda kutoka gizani kwenda mwangani kwa mkunjo ule ule, zinatofautiana tu kwenye zile rangi tatu za msingi. Kwa hiyo kijivu cha 128, 128, 128 kikivuka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine kinabaki 128, 128, 128 vile vile, na nyeusi na nyeupe pia. Rudi kwenye saa: saa mbili na robo na 8:15, saa imebadilika lakini dakika hazijaguswa. Kijivu ndo dakika zetu. Ukiona maandishi meusi yako sawa, mandhari ya kijivu iko sawa, ila vitufe vya rangi vimepooza, hilo ni suala la P3 na sRGB, usipoteze muda kurekebisha mwanga wa kioo. Ila kama hata kijivu kimegeuka, kimekuwa na unjano au giza, basi tafuta sababu nyingine, labda kioo kimepimwa na profaili yake maalumu, labda mtu kachezea picha. (Na ule unjano wa usiku wa kupumzisha macho siyo mwenyewe, ule unawekwa kwenye kioo baadaye, hauingii kwenye skrinshoti.)

Na upande wa kosa nao unajionyesha. Rangi zikipooza, maana yake namba za P3 zimesomwa kama sRGB, ndo kesi yangu. Rangi zikipiga kelele, nyekundu inachoma macho na nyuso za watu zimekuwa kama zimepakwa rangi ya mdomo, basi ni kinyume chake, namba za sRGB zimesomwa kama P3, au zimetupwa kwenye kioo cha rangi pana na programu isiyojua habari za profaili kabisa.

Hiyo ya pili ndo maisha ya kila siku ya wenye Windows na kioo cha rangi pana. Kwa mpangilio wake wa kawaida Windows haigeuzi rangi za dirisha zima, inaziacha namba kama zilivyo, 30, 181, 58 inakwenda kwenye kioo hivyo hivyo, na kioo kwa ukali wake kinakuonyesha kijani kilichokolea kupita alichokusudia mama. Ajabu yake ni kwamba skrinshoti ya hapo inatoka salama. Haina profaili, lakini namba zake ni 30, 181, 58, na ukiituma popote wataisoma kama sRGB na wataona sawa. Kwa hiyo mwenye Windows anaona vibaya na anatuma vizuri, mwenye Maki anaona vizuri na anatuma faili ambalo lebo ikidondoka njiani limeharibika. Nimewahi kushuhudia hao wawili wakibishana nusu saa nzima nani ana rangi ya kweli, kila mmoja anamwonyesha mwenzie kioo chake.

Na kwenye Maki kuna kitu kidogo zaidi cha kujua. Skrinshoti ya kompyuta haibandikwi "Display P3" ya jumla kama ya simu, inabandikwa profaili ya kioo kile kile ulichopigia, kwenye laptopu utakuta mara nyingi imeandikwa Color LCD, na ukiwa umechomeka kioo cha nje utakuta jina la kioo hicho. Kila kioo kina tofauti zake ndogo, kwa hiyo watu wawili wenye Maki wakipiga ukurasa ule ule na wakachota rangi mbichi, mmoja atapata namba hii mwingine atapata nyingine imepishana kidogo, na wote wawili haitakuwa ile iliyoandikwa kwenye kodi. Ndo maana nasema kuchota rangi kutoka kwenye skrinshoti ili uitumie kwenye kazi ni kujitafutia matatizo. Kama ukurasa unaufikia, isome namba kwenye kodi. Kama huna jinsi, Maki ina programu ya Digital Color Meter, pale juu kuna menyu, ikiwa kwenye Display native values itakupa namba mbichi za kioo, ibadilishe iwe Display in sRGB, hapo kijani cha mama kitarudi 30, 181, 58 au kipishane kwa moja.

Haya, tiba. Kuna maneno mawili kwenye programu za picha ambayo yanafanana na yanaua: Assign Profile na Convert to Profile. Nilishawahi kuyatumia kwa kubahatisha, nabonyeza hili nikiona haijakaa nabonyeza lile, usifanye hivyo. Assign inabadilisha lebo, namba haigusi. Ni kuchukua karatasi iliyoandikwa 8:00 ukaiandikia pembeni "saa ya Kiswahili", umeshampeleka mtu saa nane. Convert inabadilisha namba na lebo kwa pamoja ili rangi ibaki ile ile, yaani unafuta 8:00 unaandika saa mbili na pembeni unaandika saa ya Kiswahili, muda haujatikisika. Kipimo chake ni rahisi: ukibonyeza halafu rangi ikabadilika mbele ya macho yako, hiyo ilikuwa Assign. Ukibonyeza na hakuna kilichotokea, hiyo ilikuwa Convert na imefanya kazi yake vizuri, watu wengi wanadhani imekataa.

Skrinshoti yenye lebo yake bado, unayotaka kuituma dunia nzima, inahitaji Convert kwenda sRGB. Kwa Maki:

```
sips --matchTo "/System/Library/ColorSync/Profiles/sRGB Profile.icc" skrini.png --out safi.png
```

Baada ya hapo namba ndani ya faili ni zile za sRGB, na sasa hata mtu akichana lebo hapati hasara, manake wote watakisia sRGB na watakuwa wamekisia sawa. Nilizirudia zile picha kumi na mbili kutoka kwenye simu, nikazipitisha hapo kwanza, NDIPO nikazipeleka kwenye tovuti ya kupunguza ukubwa. Nikachota kijani: `#1EB53A`. Utaratibu ndo kila kitu, geuza kwanza ndo uchane, na ukitumia ImageMagick ni hivi hivi, `-profile sRGB.icc` itangulie na `-strip` ifuate, ukiweka `-strip` mbele umerudi kwenye kosa langu. Hapo faili la `sRGB.icc` liwe nalo kwenye folda yako.

Wenye Photoshop, ni Edit kisha Convert to Profile. Wenye GIMP, picha yenye profaili ikifunguliwa inakuuliza uibakize au uigeuze, wewe geuza, na kama uliruka swali basi ni Image, kisha Color Management, kisha Convert to Color Profile.

Na kama lebo imeshapotea na faili la asili huna? Hapa Assign ndo ina kazi yake halali, kwa sababu unachokifanya ni kurudisha lebo iliyodondoka, siyo kubandika ya uongo. Ukiwa na uhakika picha ilitoka aifoni, mbandike Display P3 kwanza, halafu ndo umgeuze kwenda sRGB:

```
sips --embedProfile "/System/Library/ColorSync/Profiles/Display P3.icc" chuja.png --out lebo.png
sips --matchTo "/System/Library/ColorSync/Profiles/sRGB Profile.icc" lebo.png --out safi.png
```

Nimejaribu kwenye zile zangu zilizochuja, zikarudi kama zilivyokuwa. Kama picha ilitoka kwenye kioo cha nje cha Maki fulani, hapo ungehitaji profaili ya kioo hicho chenyewe, ukitumia Display P3 utakaribia tu, lakini kwa kitufe cha kijani kukaribia kunatosha. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza ukolevu kwa jicho. Utaweka kijani sawa, nyekundu itakuwa imepitiliza, maana tumeona kila rangi inasogea kivyake.

Kuna uponyaji mmoja wa mtaani unaozunguka, kwamba nenda kwenye mipangilio ya kioo uchague sRGB iwe profaili ya kioo na utakuwa umemaliza. Ni kweli skrinshoti zitatoka na 30, 181, 58. Lakini kwenye laptopu ya rangi pana umemdanganya Maki kwamba kioo chake ni cha kawaida, ataacha kuzimua, na kuanzia hapo unaona kila kitu kimekolea kuliko kilivyo, yaani umenunua kioo kizuri halafu ukakigeuza kiwe kama kile cha Windows cha juu pale. Makibuku pro za kuanzia 2021 zenye kioo cha XDR zina kitu tofauti, preset inayoitwa Internet & Web (sRGB), hiyo inabana kioo chenyewe kweli kweli, siyo uongo. Hiyo unaweza kuitumia kwa amani.

Nieleze na hili la mwisho linalokera, la skrinshoti ya skrinshoti. Mteja akitumiwa picha iliyochuja, 86, 178, 76 isiyo na lebo, akaifungua kwenye aifoni yake na kuipiga skrinshoti ili amtumie mwenzie, simu inaichukulia kuwa sRGB, inaizimua tena kwa P3, inakuwa 110, 176, 89. Hiyo nayo ikipita kwenye kichujio kinachochana lebo imechuja mara ya pili. Nyekundu ilianza 30, ikaja 86, sasa 110. Kila mzunguko kijani kinasogea kuelekea kijivu, ndo maana zile picha zinazozunguka kwenye magrupu miaka mitatu zimekuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, ingawa hapo na kubanwabanwa kwa faili nako kumo.

Halafu kuna picha ambazo Convert inazipunguzia kitu kweli. Skrinshoti ya vitufe na maandishi haina rangi yoyote nje ya sRGB, ilitoka sRGB na inarudi sRGB, hasara yake ni namba kupishana kwa moja hapa na pale kwa sababu ya kukadiria. Ila mama alipiga na picha za vitenge vyake kwa kamera ya aifoni, na kamera hiyo inaandika P3 kwa haki kabisa, mle ndani kuna machungwa na nyekundu ambazo sRGB haizifikii. Nyekundu kamili ya P3 ukiipeleka sRGB hesabu inataka nyekundu izidi 255 na kijani na bluu ziwe chini ya sifuri, haiwezekani, kwa hiyo zinakatwa na zinaishia 255, 0, 0. Kitenge kimoja cha machungwa kilichokuwa na mikunjo inaonekana vizuri, baada ya kugeuza sehemu zilizokolea zilikuwa bapa kama karatasi, mikunjo imeungana kwa sababu rangi tatu nne tofauti zote zimekatwa kwenye ukuta mmoja. Hizo nilimwachia kwenye P3 na profaili yake ndani, nikaziweka kwenye tovuti bila kuzipitisha kwenye kichujio chochote, na zile za vitufe tu ndo nikazigeuza.